Kupiga picha ya mtu kwenye mwanga hafifu kwa simu: punguza chenga, uso ubaki na sura yake

Lalamiko ni lilelile kila mara. Picha imepigwa chumbani usiku, kwenye kioo cha simu ikaonekana safi. Ukiikuza, ukuta umejaa chenga nyekundu na za kijani, na uso ama umecheza ama umelainishwa mpaka nyusi zimeyeyuka. Wengi hapo hukimbilia programu ya kusafisha picha, na kila wanavyozidi kusafisha, ndivyo uso unavyozidi kufutika.

Tatizo haliko kwenye usafishaji. Liko kwenye mwanga uliofika usoni kabla hujabonyeza kitufe. Hapa tutafanya kazi moja mwanzo hadi mwisho: mtu mmoja ameketi chumbani, taa ni hafifu, simu ni ya kawaida, na tunataka picha ambayo macho yake yanaonekana sawasawa. Ukiiweza hiyo, picha za mtaani usiku na video zitakuwa marekebisho madogo tu, nami nitayagusa mwishoni.

## Chenga zinatoka wapi

Sensa ya kamera ya simu, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kama ukucha. Ikipokea mwanga kidogo, simu hulazimika kuukuza ili picha ionekane. Ukuzaji huo ndio unaosomeka kama ISO. Tatizo ni kwamba simu haiwezi kukuza uso peke yake. Hukuza pamoja nao kasoro zote zilizomo kwenye mwanga ule haba, na hizo kasoro ndizo chenga.

Kwa makadirio, ukiongeza mwanga unaofika kwenye sensa mara nne, chenga zinapungua nusu. Kwa hiyo kusogeza taa kidogo hakuna thamani kubwa, lakini kuisogeza vya kutosha kunabadilisha picha nzima. Shika hilo, kwa sababu hatua ya pili yote imejengwa juu yake.

## Andaa hivi kwanza

- Simu yenye chaji ya kutosha, na kitambaa laini kikavu cha kufutia lenzi.
- Taa moja unayoweza kuihamisha. Taa ya mezani yenye kifuniko ni nzuri zaidi. Kama hakuna, tochi ya simu ya pili itafaa.
- Kitu cheupe kipana: shuka, kipande cha kadibodi nyeupe, au karatasi kubwa. Kisiwe cha rangi, maana rangi yake itahamia kwenye ngozi.
- Mahali pa kuegemeza simu: stendi ndogo, rundo la vitabu, au mgongo wa kiti.

Huhitaji zaidi ya hapo. Taa ya duara ya kununua inasaidia, lakini si sharti.

## Hatua ya 1: Futa lenzi, kaa kwenye kamera kuu

Mafuta ya vidole kwenye lenzi hayaonekani sana mchana. Usiku hugeuza kila taa kuwa mstari mrefu wa mwanga na kutandaza ukungu mwepesi juu ya uso. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu kila unapoanza.

Kisha hakikisha uko kwenye 1x. Kwenye simu nyingi hiyo ndiyo kamera yenye sensa kubwa na lenzi inayopitisha mwanga mwingi kuliko nyingine zote. Ya kuchukua eneo pana (0.5x au 0.6x) kwa kawaida ina sensa ndogo zaidi, na gizani hutoa chenga nyingi. Kuvuta kwa vidole nako usifanye: mara nyingi simu hukata kipande cha picha na kukikuza, na chenga hukuzwa nacho. Ukitaka uso uwe mkubwa, sogea wewe. Ila usisogee hadi pua ianze kuonekana kubwa kuliko kawaida. Mita moja hadi moja na nusu kutoka kwa mtu inatosha, kisha ukate pembeni kidogo baadaye.

Kamera ya selfi huwa dhaifu kuliko ile ya nyuma. Kama yupo mtu wa kukusaidia, mpe simu akupige kwa kamera ya nyuma.

## Hatua ya 2: Mpeleke mtu kwenye mwanga

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wengi wanapopapita haraka ili waanze kuchezea mipangilio ya simu.

Chukua mfano wetu. Mtu ameketi mezani, na taa ya mezani iko juu ya kabati, mita 2 kutoka usoni pake. Simu, kwa shata ya 1/30 ya sekunde, inadai ISO 3200. (Shata ni muda ambao kamera inapokea mwanga.) Picha ikipigwa hivyo, shavu la upande wa kivuli litajaa chenga, na nywele zitakuwa doa jeusi lisilo na kitu ndani.

Sasa ishushe taa, iweke mezani mita 1 kutoka usoni. Umbali umepungua nusu, mwanga unaofika usoni umeongezeka karibu mara nne. Simu ileile, shata ileile ya 1/30, sasa inatosheka na ISO 800. Hujanunua chochote wala hujagusa mpangilio wowote, na chenga zimepungua nusu.

Kusogeza tu hakutoshi, pia angalia mwanga unatoka upande gani. Taa ya darini iliyo juu ya kichwa ndiyo mbaya kuliko zote kwa uso: paji la uso linang'aa, na macho yanazama kwenye mashimo meusi. Simu ikijaribu kuyang'arisha hayo mashimo, ndiyo unapata chenga chini ya macho. Taa iwe mbele ya mtu, pembeni kidogo, na juu ya usawa wa macho kidogo tu. Kipimo ni rahisi: tazama macho yake. Ukiona nukta ya mwanga iking'aa ndani ya kila jicho, mwanga umeingia. Usipoiona, mgeuze uso polepole kuelekea taa mpaka uione.

Upande wa pili wa uso, ule wa kivuli, weka kile kitu cheupe. Kishike nje ya picha, karibu na shavu kadiri unavyoweza, sentimita 30 hadi 50. Kitarudisha sehemu ya mwanga wa taa kwenye kivuli, na kivuli kilichopata mwanga halisi hakina chenga za kivuli kilichong'arishwa na programu. Kiondoe, kirudishe, utaona tofauti kwa macho yako kabla hata ya kupiga.

Kwa ngozi nyeusi sana hatua hii ina uzito wa pekee. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mdogo kwenye kamera, hivyo uso unaanza ukiwa karibu na eneo lile la giza ambako chenga zinaishi. Lakini kuimwagia taa kali moja kwa moja si dawa, kwa sababu paji na pua zitang'aa nyeupe huku mashavu yakibaki gizani. Kinachofaa ni mwanga mpana. Elekeza taa kwenye ukuta mweupe au shuka iliyo karibu na mtu, ili uso uangazwe na ule ukuta badala ya balbu. Mwanga utapungua nguvu, kwa hiyo ukuta huo uwe karibu kabisa. Ukifanya hivyo, mng'ao unatandaa laini juu ya shavu, na umbo la uso linajitokeza bila kulazimisha picha iwe nyeupe.

Onyo: usitumie flashi ya simu yenyewe kumwelekea mtu. Inatoka sehemu moja na lenzi, kwa hiyo uso unakuwa bapa, paji linang'aa, na nyuma yake panakuwa shimo jeusi. Kama tochi ndiyo mwanga pekee ulio nao, tumia ya simu nyingine, uielekeze ukutani au darini penye rangi nyeupe, kamwe si usoni. Na usimwelekezee mtoto mchanga tochi machoni kwa hali yoyote.

Umefaulu ikiwa: ukitazama kwa macho tu, bila simu, unaona kope zake na mpaka wa midomo. Usichokiona wewe, usitegemee simu ikione vizuri.

## Hatua ya 3: Itulize simu, kisha mtulize mtu

Mikono hutetemeka. Simu nyingi zina kituliza mtikisiko, nacho kinafanya kazi nzuri, lakini kinatuliza simu tu. Mtu akigeuza kichwa, hakuna kituliza mtikisiko kitakachomzuia.

Egemeza simu kwenye stendi au vitabu na utumie kuchelewesha kwa sekunde 3, ile alama ya saa ndogo kwenye kamera, ili kidole chako kisiitikise wakati wa kubonyeza. Kama lazima uishike, shika kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimebana mbavuni, na upige mwishoni mwa pumzi.

Kwa anayepigwa, mpe cha kuegemea. Kidevu juu ya ngumi, bega ukutani, viwiko mezani. Kichwa kisicho na mhimili hucheza polepole bila mwenyewe kujua. Mwambie tu, "Tulia hapo hapo kidogo," halafu hesabu kwa sauti hadi tatu ili ajue mwisho ni lini.

## Hatua ya 4: Pima mwanga wa uso, siyo wa chumba

Simu hupenda kupima picha nzima. Chumba kikiwa na giza nyuma, itajitahidi kuking'arisha chote: itapandisha ISO, uso utapauka, na kona za giza zitatoa chenga. Taa ikiwa ndani ya picha, itafanya kinyume chake: itashusha kila kitu na uso utakuwa kivuli.

1. Iondoe taa ndani ya picha. Sogea hatua moja au geuza simu kidogo.
2. Gusa uso kwenye kioo, juu ya jicho lililo karibu nawe.
3. Shikilia kidole hapo mpaka simu ifunge fokasi na mwanga. Kwenye iPhone yatatokea maneno `AE/AF LOCK`. Kwenye simu nyingi za Android huonekana alama ya kufuli.
4. Buruta alama ya jua juu au chini mpaka ngozi ionekane kama unavyoiona kwa macho. Usiangalie ukuta. Angalia shavu.

Watu huogopa nyuma kuwa na giza. Acha liwe. Giza lililoachwa giza ni jeusi safi. Giza lililolazimishwa kuwa kijivu ndilo lenye chenga. Kinachosomeka kwenye picha ya mtu ni uso, kabati la nyuma si lazima lionekane.

Onyo: usishushe mwanga kupita kiasi kwa nia ya kuja kuung'arisha baadaye. Uso uliopigwa gizani ukapandishwa kwa programu unatoa chenga zaidi ya uliopigwa kwa mwanga sahihi tangu mwanzo. Kikomo cha juu nacho kipo: paji la uso likiwa jeupe tupu lisilo na alama ya ngozi, umepita, na hakuna programu itakayolirudisha.

## Hatua ya 5: Chagua, modi ya usiku au Pro

Modi ya usiku hupiga picha nyingi mfululizo na kuzipanga moja juu ya nyingine. Chenga hukaa mahali tofauti katika kila picha, kwa hiyo zikichanganywa zinafutana, wakati uso unabaki. Picha nne zikipangwa vizuri hupunguza chenga nusu. Hiyo ni faida kubwa, ilimradi uso uwe mahali pamoja muda wote.

Kwa mtu aliyeketi na kuegemea, itumie, lakini punguza muda. Kwenye iPhone, gusa alama ya mwezi uone sekunde. Sekunde 1 mtu mzima anaivumilia. Sekunde 3 ni ndefu kwa uso: macho yatapepesa, mdomo utasogea, na simu itaziba pengo kwa kulainisha, ndiyo unapata ile ngozi ya nta. Kama modi inataka muda mrefu zaidi, usibishane nayo. Rudi hatua ya 2, ongeza mwanga.

Kwa mtoto, mtu anayeongea au anayecheka, zima modi ya usiku na utumie `Pro` kama simu yako inayo. iPhone haina modi hiyo kwenye kamera yake ya kawaida, hivyo itabidi upakue programu ya kamera inayokuruhusu kuweka ISO na shata mwenyewe. Anza na shata, si ISO:

- Ameketi, ametulia: 1/30
- Anaongea au anacheka: 1/60
- Mtoto asiyetulia: 1/125

Kisha pandisha ISO mpaka uso ufike mwangaza sahihi. Turudi kwa mfano wetu. Kwa taa ya mita 1 tulipata 1/30 kwa ISO 800. Mtu akianza kusimulia jambo, tunapanda hadi 1/60, na mwanga unapungua nusu, hivyo ISO inakuwa 1600. Chenga zitaongezeka kidogo, na ni sawa kabisa. Uso wenye chenga bado unatambulika, mtu anamjua nduguye. Uso uliocheza hakuna atakayeutengeneza. Ukilazimika kuchagua kati ya mawili hayo, chagua chenga siku zote.

Kuna mtego mmoja wa taa za umeme. Baadhi ya taa, hasa za LED za bei nafuu, huwaka na kufifia mara nyingi kwa sekunde bila jicho kugundua, na simu hunasa michirizi ya giza ikikatiza picha. Penye umeme wa hezi 50, shata ya 1/50 au 1/100 huiondoa. Penye hezi 60, ni 1/60 au 1/120. Ukiona michirizi kwenye kioo inatembea, badilisha shata kwanza kabla ya kulaumu simu.

Kama simu yako inaruhusu RAW, yaani faili la picha ambalo simu haijalichakata, iwashe kwa picha utakazohariri. Faili ni kubwa, na mwanzoni itaonekana na chenga nyingi zaidi kwa sababu simu haijaipitishia ulainishaji wake. Hilo ndilo tunalolitaka: kope bado zipo.

## Hatua ya 6: Piga kadhaa, kagua jicho

Piga tano au sita za mkao uleule. Kwenye shata za polepole, moja au mbili kati yake zitakuwa zimetulia kuliko wenzake, na huwezi kujua ipi mpaka uziangalie.

Fungua kila moja, kuza mpaka jicho lijaze kioo. Kope zikionekana mojamoja, au angalau mpaka kati ya mboni na weupe ukiwa wazi, itunze. Kope zikiwa zimevutwa kuwa mstari mzito upande mmoja, amecheza, ifute. Kope zikiwa zimetoweka kabisa lakini picha imetulia, simu imelainisha kupita kiasi, na maana yake mwanga haukutosha. Fanya ukaguzi huu mtu akiwa bado ameketi, si baada ya kuondoka.

## Hatua ya 7: Safisha kidogo, na kwa mpangilio

Hapa nitatumia majina ya Lightroom ya simu, programu nyingine zina vitufe vinavyofanana.

Anza na chenga za rangi. `Color Noise Reduction` ipeleke hadi 25 au 30. Madoa mekundu na ya kijani yataondoka na kope hazitaguswa, kwa sababu inagusa rangi tu. Mara nyingi hapo hapo picha inapendeza vya kutosha.

Kisha `Noise Reduction` ya kawaida. Hii ndiyo inayokula uso. Kuza jicho, anza 0, panda polepole. Nyusi zinapoanza kuwa kama zimepakwa rangi kwa brashi, rudi nyuma. Mimi mara chache huvuka 25.

Mwisho, shusha `Blacks` kidogo. Chenga zilizobaki kwenye kona za giza zitazama kwenye weusi, na uso hautapoteza kitu.

Usivute `Structure` ya Snapseed juu ya picha ya usiku. Inatafuta vitu vidogo na kuvikoleza, na chenga ndivyo vitu vidogo vyenyewe.

Kuna jambo la rangi pia. Balbu ya manjano hutoa mwanga mdogo sana wa bluu. Ukilazimisha picha iwe nyeupe kabisa, programu inabidi ikuze bluu kwa nguvu, na chenga za bluu zinajitokeza kwenye vivuli. Acha umanjano kiasi. Ngozi inapendeza zaidi nao. Na kama chenga za rangi zimekataa kabisa kutoka, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe: madoa ya rangi yanatoweka yote, zinabaki punje za kijivu ambazo jicho huzivumilia kwa urahisi.

## Ukiwa nje usiku

Kanuni haibadiliki, ila sasa huwezi kusogeza taa, unamsogeza mtu. Tafuta dirisha la duka au ubao wa tangazo unaowaka, umsimamishe mbele yake, uso ukielekea mwanga, nawe uwe umeipa ile taa mgongo au ubavu. Chini ya nguzo ya taa usimweke katikati kabisa. Mrudishe hatua chache nyuma na ainue kidevu kidogo, ili mwanga uingie machoni badala ya kumwagika juu ya kichwa.

## Kwa video

Video haiwezi kupanga picha nyingi kwa sekunde nzima, kwa hiyo chenga zitakuwa nyingi zaidi na hatua ya 2 ina uzito mara mbili. Rekodi kwa fremu 30 kwa sekunde au 24, si 60. Kwa fremu 60 kila fremu haiwezi kupata mwanga zaidi ya 1/60 ya sekunde, kwa 30 inaweza kufika 1/30. Funga fokasi na mwanga kama hatua ya 4, la sivyo uso utakuwa unang'aa na kufifia kila mtu anaposogea.

## Unapoituma

Programu za kutuma ujumbe hubana picha, na chenga ni ngumu kubana, kwa hiyo hugeuka viboksi vidogo shavuni. Tuma kama hati, au chagua ubora wa HD ikiwa upo. Ukilazimika kutuma kawaida, kata picha kwanza ibaki uso na mabega. Ukuta uliojaa giza ukiwa nje ya picha, uso unachukua sehemu kubwa zaidi ya picha inayofika upande wa pili.